Takwimu za mwezi uliopita zimebadilika: uandikie idara ya fedha barua pepe ya aina gani?

Ripoti ya Juni ilishatumwa tarehe 3 Julai na idara ya fedha ilishaiingiza kwenye vitabu. Katikati ya Julai inagundulika kwamba data ilikuwa na kasoro, imesahihishwa, na jumla imebadilika. Sasa yule aliyetuma ripoti amekaa mbele ya kompyuta, hajui aandike mistari mitatu, aweke jedwali, au aambatishe faili zima. Ujumbe wa WhatsApp tuuache pembeni: unafaa kumwambia mhasibu asubiri, lakini haukai kwenye jalada na mkaguzi hawezi kuuona.

Njia zinazotumika ofisini ni tatu. Ya kwanza ni barua fupi yenye jumla ya zamani, jumla mpya na sababu. Ya pili ina jedwali linaloanzia jumla ya zamani na kushuka sababu moja baada ya nyingine hadi jumla mpya. Ya tatu ni barua fupi inayoambatana na orodha ya kila stakabadhi iliyoguswa. Zote ni halali, na kila moja ina mahali pake. Tutazipima kwa mfano mmoja, kwa sababu tofauti zake zinaonekana vizuri pale tu namba zilezile zinapopitishwa katika njia zote.

## Mfano wenyewe

Tuchukue kituo cha kununua asali kilichopo Tabora mjini. Kinapokea kutoka vikundi vya wafugaji nyuki wa Sikonge, Kaliua na Uyui. Kila mzigo unapimwa, unaandikiwa stakabadhi, kisha data inapakiwa kwenye mfumo. Mwisho wa mwezi kituo kinatuma jumla ya kilo na shilingi kwa idara ya fedha iliyoko Dar es Salaam, nayo ndiyo inayolipa vikundi kupitia benki. Bei tuifanye shilingi 6,000 kwa kilo ili hesabu iwe nyepesi kufuata.

Ripoti ya Juni ilisema kilo 4,860, yaani shilingi 29,160,000. Baadaye ghala lilipolinganisha kitabu chake cha mapokezi na ripoti, kilo hazikulingana. Zilipatikana kasoro tatu.

Faili la Sikonge lilipakiwa mara mbili. Mtandao ulikatika katikati, likapakiwa upya, na mfumo ukayahifadhi yote mawili. Stakabadhi 18 zenye kilo 640 zikahesabiwa mara mbili, kwa hiyo ripoti ilizidi kwa shilingi 3,840,000.

Kaliua walileta ndoo 45 za lita 20. Aliyeingiza data aliona "20" akaandika kilo 20 kwa kila ndoo, jumla kilo 900. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina takribani kilo 1.4, hivyo ndoo iliyojaa ya lita 20 hukaribia kilo 28. Karatasi za mizani zilipojumlishwa zilitoa kilo 1,254. Ripoti ilipungua kwa kilo 354, sawa na shilingi 2,124,000.

Stakabadhi 5 za Uyui zenye kilo 210 zilipimwa tarehe 1 Julai lakini zikaingizwa Juni. Hizo ni shilingi 1,260,000 zilizokaa kwenye mwezi usio wake.

Baada ya kusahihisha, Juni ni kilo 4,364, sawa na shilingi 26,184,000. Jumla imeshuka kwa 2,976,000. Kilo 4,364 ndizo zilizomo kwenye kitabu cha ghala hadi tarehe 30 Juni, na jambo hili linafaa kutajwa kwenye barua yoyote utakayochagua. Mhasibu anapoona namba mpya imethibitishwa na kitabu kisichotokana na faili lilelile lililokosea, haulizi tena kama wiki ijayo itakuja namba nyingine.

## Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni ingizo: je, mhasibu akisoma barua mara moja anaweza kuandika ingizo la marekebisho bila kupiga simu? Cha pili ni makosa yanayofutana. Katika mfano wetu mawili yalipandisha jumla na moja liliishusha, na tofauti ya mwisho inaficha ukubwa wa kilichotokea. Cha tatu ni fedha: barua inaeleza nani amelipwa pungufu, nani asilipwe tena, na nani hahusiki? Takwimu zinaweza kubadilika bila fedha kusogea, na zinaweza kubadilika huku mtu anadai. Cha nne ni ukaguzi na kazi, yaani barua itasimamaje mwaka ukiisha, na itakugharimu saa ngapi leo.

Katika hivi, kigezo cha fedha ndicho ningekipa uzito kwanza. Ingizo lililokosewa hurekebishwa kwa ingizo jingine. Fedha iliyotumwa benki mara mbili inabidi iombwe kutoka kwa kikundi ambacho pengine kimeshaigawa kwa wanachama.

## Njia ya kwanza: jumla mbili na sababu

> Mada: Marekebisho ya ununuzi wa asali, Juni
>
> Ndugu Mhasibu,
> Habari za kazi. Husika na mada tajwa hapo juu.
> Jumla ya ununuzi wa Juni iliyotumwa tarehe 3 Julai ilikuwa Sh 29,160,000. Baada ya kusahihisha data, jumla sahihi ni Sh 26,184,000, pungufu kwa Sh 2,976,000. Sababu ni faili lililopakiwa mara mbili, makosa ya vipimo na stakabadhi za Julai zilizoingizwa Juni.
> Naomba kuwasilisha.

Ingizo. Mhasibu anajua apunguze kiasi gani kwa jumla, lakini hajui apunguze kwenye akaunti ya kikundi gani. Kama vitabu vyake vina jumla moja tu ya ununuzi, inamtosha. Kama ana akaunti ya kila kikundi, na anayelipa vikundi huwa nazo, lazima apige simu.

Makosa yanayofutana. Hapa njia hii ni dhaifu kabisa. Anayesoma 2,976,000 anaona kosa la asilimia 10 hivi. Ukijumlisha makosa yenyewe bila kujali yalielekea upande gani, yaliyoguswa ni shilingi 7,224,000, karibu robo ya ripoti. Siku ambayo makosa mawili yanayopingana yatalingana, barua ya namna hii itasema hakuna kilichobadilika, ilhali kikundi kimoja kimepunjwa na kingine kimezidishiwa.

Fedha. Haisemi lolote. Kikundi cha Kaliua kilicholipwa kwa kilo 900 hakionekani popote.

Ukaguzi na kazi. Inaandikwa kwa dakika kumi. Mwaka ukiisha, mkaguzi ataona tofauti yenye maelezo ya mstari mmoja na ataomba ushahidi; utautafuta upya faili zikiwa zimeshafutwa au kuhamishwa.

Inamfaa mwenye kosa moja, lenye sababu moja, ambalo halijagusa malipo ya mtu. Mfano safi ni gharama iliyoandikwa 450,000 badala ya 540,000 kwenye ripoti wakati malipo yalitoka kwa ankara halisi. Hapo jedwali ni kumchosha msomaji.

Ukiitumia, usifupishe namba. "Milioni 29.2 kuwa milioni 26.2" inaonyesha tofauti ya milioni 3.0 kamili, na mhasibu aliye na 2,976,000 kwenye hesabu yake atatafuta 24,000 ambazo hazipo.

## Njia ya pili: jedwali la kushuka kutoka jumla ya zamani hadi mpya

Mada ya barua ibebe namba zenyewe, kwa sababu mhasibu mwenye barua pepe nyingi huchagua ya kufungua kwa kusoma mada: "Marekebisho ya ununuzi wa asali Juni: 29,160,000 sasa 26,184,000". Ndani, baada ya salamu na sentensi moja ya kueleza kilichotokea, jedwali linafuata:

| Maelezo | Kilo | Shilingi | Hali ya fedha |
|---|---|---|---|
| Jumla iliyotumwa 3 Julai | 4,860 | 29,160,000 | |
| Sikonge: stakabadhi 18 zilizoingia mara mbili | (640) | (3,840,000) | Wamelipwa mara moja, malipo ya pili yazuiwe |
| Kaliua: ndoo 45, lita ziliandikwa kama kilo | 354 | 2,124,000 | Walilipwa 5,400,000, stahili yao 7,524,000 |
| Uyui: stakabadhi 5 za 1 Julai | (210) | (1,260,000) | Wamelipwa sawasawa, mwezi tu ndio umebadilika |
| Jumla sahihi ya Juni | 4,364 | 26,184,000 | |

Namba za kupunguza zimewekwa kwenye mabano kwa sababu wahasibu wamezoea kuzisoma hivyo. Alama ndogo ya kutoa hupotea kirahisi mtu anaposoma kwenye simu au akichapa kwa printa iliyoisha wino.

Ingizo. Kila mstari ni ingizo moja, lenye jina la kikundi na kiasi. Mhasibu hahitaji kukisia. Jedwali likiwa limetengenezwa kwenye Ekseli, lipime kabla ya kulibandika. Ikiwa jumla ya zamani iko B2, mabadiliko B3 hadi B5 na jumla mpya B6, fomula hii ni lazima itoe sifuri:

```
=B2+SUM(B3:B5)-B6
```

Isipotoa sifuri, usitume. Ama kuna sababu hujaiandika, ama namba moja ina alama ya upande usio wake. Mtu akiwa na haraka huongeza mstari wa "mengineyo" ili jedwali lifunge. Mstari huo ndio mhasibu atakaoukazia macho, na kwa haki, kwa kuwa unakiri kwamba sehemu ya tofauti haijulikani ilikotoka.

Makosa yanayofutana. Yanaonekana yote. Kaliua iliyopanda haijamezwa na Sikonge iliyoshuka.

Fedha. Safu ya mwisho ndiyo inayofanya njia hii istahili kazi yake. Mistari mitatu inafanana kwa sura, lakini kila mmoja unataka hatua tofauti: mmoja unazuia malipo, mwingine unadai malipo ya nyongeza ya 2,124,000, wa tatu hautaki malipo yoyote. Bila safu hiyo mhasibu makini ataona Uyui imepungua kwa 1,260,000 na kuikata kwenye malipo yao yajayo, nao hawajazidishiwa hata shilingi. Kwa hiyo kwenye mstari wa namna hii epuka neno "imepungua". Andika "imehamia Julai".

Kuhusu Kaliua, andika kilo zilizo kwenye karatasi za mizani, usizidishe ndoo kwa 28. Ndoo 45 mara 28 ni 1,260, na mizani ilisema 1,254. Kilo sita ni shilingi 36,000, na zitakuja kuonekana ghala litakapohesabiwa tena. Kipimo cha kukadiria kinafaa kugundua kosa. Cha kulipia ni mizani.

Ukaguzi na kazi. Inachukua nusu siku, sehemu kubwa ikiwa ni kugawa tofauti kwa sababu zake. Mkaguzi ataielewa barua bila msaada wako, ila ataomba stakabadhi zilizo nyuma ya kila mstari.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye mstari wa kwanza wa jedwali. "Jumla ya zamani" inapaswa kuwa ile iliyomo kwenye vitabu vya fedha leo. Mara nyingi mwandishi anaichukua kwenye mfumo, na mfumo umeshasahihishwa kidogo kidogo tangu tarehe 3. Ichukue kwenye barua uliyotuma wewe mwenyewe, kisha muulize mhasibu kama kuna alichorekebisha kwa upande wake. Inatokea sana kwamba mhasibu aliliona faili la Sikonge limejirudia, akalitoa bila kuandika kwa mtu. Ukimtumia jedwali lenye mstari huohuo na akaliingiza lote, Sikonge inatolewa mara mbili, na kikundi ambacho kilikuwa sawa kinaonekana kina deni.

Njia hii inamfaa mwenye sababu mbili hadi saba hivi. Zikizidi hapo jedwali linakuwa refu na jicho linachoka. Ziunganishe kwa kikundi au kwa aina ya kosa, maelezo mengine yaende kwenye kiambatisho.

## Njia ya tatu: barua fupi na orodha ya stakabadhi

Barua ina jumla mbili na sentensi moja kwa kila sababu. Uzito wote uko kwenye faili lililoambatishwa, lenye mstari mmoja kwa kila stakabadhi iliyoguswa: kikundi, namba ya stakabadhi, tarehe ya mizani, kilo za zamani, kilo mpya, tofauti na sababu. Katika mfano wetu ni stakabadhi 18 za Sikonge, za Kaliua zote zilizobeba zile ndoo 45, na 5 za Uyui. Ambazo hazikubadilika haziingii, la sivyo mhasibu atatafuta mabadiliko kwenye mamia ya mistari isiyo na jambo.

Ingizo. Lote linawezekana, ila mhasibu anapewa kazi ya kujumlisha mwenyewe kwa kikundi. Akikosea kuchuja, ingizo linakosewa.

Makosa yanayofutana. Yanaonekana kwa yule anayefungua faili. Anayesoma barua tu, kwa mfano mkuu wa idara akiwa safarini, hayaoni.

Fedha. Inategemea kama umeweka safu ya malipo. Wengi hawaiweki, kwa kuwa data ya ununuzi na data ya malipo zinakaa kwenye faili tofauti.

Ukaguzi na kazi. Hapa hakuna inayoifikia. Mkaguzi anachagua stakabadhi yoyote, anaomba karatasi yake, anailinganisha, anamaliza. Kazi yake kwako ni siku nzima au zaidi, na faili likitengenezwa ovyo linaleta matatizo mapya.

Tatizo linalotokea zaidi ni jumla isiyolingana na mistari inayoonekana. Kwenye Ekseli `SUM` huhesabu hata mistari iliyofichwa na kichujio, `SUBTOTAL(9,...)` huiacha. Ukituma faili lenye kichujio kilichobaki kimewashwa, mhasibu ataona mistari ya Sikonge pekee huku chini jumla ikiwa ya vikundi vyote. Ondoa kichujio, hifadhi, funga, fungua tena, kisha ndipo utume.

Lingine ni sifuri za mwanzo. Stakabadhi 0417 ikipita kwenye faili la CSV likafunguliwa moja kwa moja kwa Ekseli inakuwa 417, na anayetafuta karatasi kwenye jalada haoni namba anayoijua. Isome safu hiyo kama maandishi tangu mwanzo.

La tatu linahusu kutafuta stakabadhi zilizojirudia. Ukitafuta kwa namba peke yake utapata zisizojirudia kweli, kwa sababu kila kikundi kina kitabu chake cha stakabadhi na vitabu vyote huanza na namba moja. Tafuta kwa kikundi na namba kwa pamoja, kikundi kikiwa safu A na namba safu B:

```
=COUNTIFS(A:A,A2,B:B,B2)
```

Jibu likizidi 1, mstari huo umejirudia. Lakini "Sikonge" na "Sikonge" yenye nafasi tupu mwishoni ni vitu viwili kwa fomula hii, na faili lililopakiwa mara mbili kwa njia mbili tofauti hupenda kuwa na kasoro hiyo. Safisha safu kwa `TRIM` kwanza.

Tena, ondoa safu ya namba za simu na za akaunti za wafugaji kabla ya kuambatisha. Mhasibu anahitaji jina la kikundi na namba ya stakabadhi. Simu ya mtu haimsaidii kuandika ingizo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zisitumike kupita hitaji lake. Barua pepe husambazwa kwa watu ambao hukuwafikiria ulipoituma.

Inafaa palipo na mkaguzi anayekuja, mfadhili anayedai ushahidi, au kikundi kinachopinga kiasi kilicholipwa.

## Juni ikiwa imeshafungwa

Kwa barua yoyote kati ya hizi kuna swali moja ambalo jibu lake liko kwa idara ya fedha, na ni lazima uliulize kwa maandishi: je, mwezi umefungwa? Hapa ndipo marekebisho mazuri huharibika, hivyo tulifuate polepole kwa namba zilezile.

Juni ikiwa bado wazi, mambo ni mepesi. Mhasibu anaweka mistari yote mitatu Juni, jumla inakuwa 26,184,000, na stakabadhi 5 za Uyui zinaingia kwenye ripoti ya Julai kama kawaida.

Juni ikiwa imefungwa, vitabu vinabaki na 29,160,000 na marekebisho yanaingia Julai. Swali linakuwa Uyui. Zile 1,260,000 zimo vitabuni tayari, ndani ya Juni. Kuna njia mbili sahihi. Mhasibu anaweza kupunguza Julai kwa 2,976,000 yote, kisha kituo kikaingiza stakabadhi za Uyui kwenye ripoti ya Julai. Au anapunguza 1,716,000 tu, yaani Sikonge na Kaliua peke yake, na kituo hakiingizi tena stakabadhi za Uyui. Zote mbili zinafika pamoja: Juni na Julai zikijumlishwa, marekebisho yanaacha upungufu uleule wa 1,716,000.

Kosa hutokea kila upande ukichagua peke yake. Mhasibu akipunguza 2,976,000 na kituo kikaziacha stakabadhi za Uyui nje ya Julai, vitabu vinapungua 1,260,000 kuliko ukweli. Mhasibu akipunguza 1,716,000 na kituo kikaziingiza, vinazidi kwa kiasi hichohicho. Utaligundua kosa hili kwa alama moja: tofauti kati ya ghala na leja mwishoni mwa Julai itakuwa kilo 210 kamili, namba ambayo tayari umeiandika kwenye jedwali lako.

Barua ya njia ya kwanza haiwezi kuleta mjadala huu, kwa kuwa haitenganishi Uyui na wengine. Ya pili inauleta kwa sentensi moja chini ya jedwali:

> Naomba kufahamu kama Juni imefungwa. Kama imefungwa, tunapendekeza kupunguza Sh 1,716,000 Julai (Sikonge na Kaliua), nasi hatutaingiza tena stakabadhi 5 za Uyui. Tutasubiri majibu yako kabla ya kutuma ripoti ya Julai.

Tarehe za kodi nazo zina sauti yake hapa. Kodi iliyozuiliwa kwenye malipo huwasilishwa TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, na ritani ya VAT kwa waliosajiliwa hupelekwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kasoro iliyogunduliwa tarehe 14 Julai imeshapita tarehe ya kwanza lakini bado iko kabla ya ya pili. Ikiwa takwimu zako zinaingia kwenye ritani, tuma hata barua ya njia ya kwanza siku hiyohiyo, uahidi jedwali kwa tarehe maalum. Usingoje orodha kamili ikamilike tarehe 22.

Pia usifute faili la kwanza. Liache na jina lake, `Asali_Juni_v1.xlsx`, na jipya liwe `Asali_Juni_v2.xlsx`, vyote vitajwe kwenye barua. Na sababu iandikwe kwa kilichotokea, siyo kwa jina la aliyeketi kwenye kompyuta: "faili lilipakiwa mara mbili mtandao ulipokatika" inamwonyesha mhasibu tatizo liko wapi na kama linaweza kujirudia. Jina la karani halimsaidii kuandika ingizo.

## Ipi kwa hali ipi

Kama kosa ni moja, sababu ni moja na hakuna malipo yaliyoguswa, njia ya kwanza inatosha. Ongeza namba ya stakabadhi au ankara husika.

Kama kuna sababu zaidi ya moja, au sababu moja iliyogusa vikundi viwili, chukua ya pili. Hata tofauti ikiwa ndogo. Tofauti ndogo yenye sababu nyingi ina hatari kuliko kubwa yenye sababu moja.

Kama kuna kikundi kilicholipwa pungufu au kuzidi, ya pili ndiyo ya kuanzia, na orodha ya stakabadhi za kikundi hicho pekee iambatane. Kaliua watauliza ndoo kwa ndoo kabla ya kupokea nyongeza, na wana haki hiyo. Orodha za Sikonge na Uyui zinaweza kubaki jaladani.

Kama mkaguzi yuko njiani au fedha ni za mfadhili, tumia ya tatu, lakini jedwali la njia ya pili libandikwe ndani ya barua ili mkuu wa idara asilazimike kufungua faili.

Kama muda umekubana na tarehe ya ritani au ya malipo ya vikundi iko karibu, gawa kazi kwa barua mbili. Ya leo iwe na jumla mbili na maelekezo ya fedha tu: zuia malipo ya pili ya Sikonge, usikate Uyui. Ya kesho au keshokutwa ilete jedwali, ikijibu barua ileile ili zikae pamoja kwenye jalada, nakala kwa msimamizi wa ghala.

Na kama bado hujaweza kueleza tofauti yote, taja kiasi ulichokieleza, taja kilichobaki kwa namba yake, na siku utakayoleta jibu. Mhasibu anaweza kufanya kazi na "Sh 180,000 bado zinatafutwa, majibu Ijumaa". Atakiweka kiasi hicho pembeni, aendelee na mengine.